Mistari Kumi, Tarehe Moja

Mukwe wangu Ézéchias alirudi siku ya kazi tatu, katikati ya juma, na sakosi moja ya nguo, na uso wa mutu mwenye amekwisha kupanga majibu yake mu njia. Alikuwa ameenda Uganda mwaka wa 2015, ku kiwanda cha majani ya chai upande wa Fort Portal. Alikaa kule miaka kenda. Akasimama ku mulango wa nyumba yangu hapa Bungulu, mu Beni, akatoa kofia, akasema: «Mama, niko mimi.»

Nilimupa kiti. Mukwe ni mukwe, hata kama roho haijamupokea. Mais muke wake, Christa, binti yangu wa tatu, hakutoka mu jikoni. Alibaki kule anapondaponda sombe, majani ya muhogo, na ilikuwa imekwisha kuwa laini zamani.

Niwaeleze kosa lake, juu bila kosa hili hamutaelewa kitu. Mu mwezi wa sita wa 2019 mutoto wao Providence, wa miaka ine, alikufa na malaria. Christa alipigia Ézéchias telefone yeye mwenyewe. Ézéchias akalia, akasema: «Ninakuja. Mutoto asizikwe bila mimi.» Tukamungojea. Siku ya kwanza, siku ya pili. Pasteur akauliza, bamama wa kanisa bakauliza. Siku ya tatu tulizika, juu haikuwezekana tena. Na telefone ya Ézéchias, kutoka siku ile, kimya. Miezi kumi kimya! Kisha mu mwezi wa ine wa 2020 akapiga na namba ingine, anasema eti telefone ya zamani ilibiwa, eti kiwanda kilimukatalia ruhusa, eti hakukuwa mushahara. Akaanza tena kutuma kidogo kidogo. Christa alikuwa anapokea, juu batoto wawili wenye kubaki walipashwa kusoma. Mais maneno yake hakupokea hata moja.

Na sisi bote tulikuwa tunajua kilichotokea. Mwanamuke. Mutu anakatala maziko ya mutoto wake juu ya nini ingine?

Donc siku ile nilimuwekea chai, nikamuuliza kitendawili, juu mimi mutu ninamupima na vitendawili. Mwenye kusema uongo anajibu mbio.

«Mukwe, ninaenda na weye ku kazi, ninarudi na weye, mais siku ya mawingu sionekane. Mimi nani?»

Akafikiri. «Kivuli, Mama.»

«Na ile miezi kumi, kulikuwa mawingu?»

Akaweka kikombe chini. «Nilikuwa ku kazi, Mama. Ku kiwanda kilekile.»

«Nani alikuona?»

Akasema neno lenye lilileta mambo hii yote: «Mufuko uliniona. Kule Uganda, patron anakata tano kwa mia ya mushahara wako, anaongeza kumi ya kwake, anatuma ku mufuko wa akiba ya wafanyakazi. Kila mwezi. Na wao banaandika. Niko na numéro. Mukiomba karatasi yangu, mutaona.»

Sombe ikanyamaza mu jikoni. Christa akatoka na muchi wa kupondea mu mukono, akasimama pale, akasema bila kumuangalia: «Karatasi ikikuja na ikionyesha ulikuwa ku kazi, nitakusikiliza. Ikionyesha haukuwa, nitaenda kwa baba mudogo Muyisa ku Butembo, arudishe mbuzi zenu za ndoa, na tumalize.»

Basi ikabaki pale. Ézéchias akaenda kulala Mulekera kwa kaka yake Éphraïm, juu mu nyumba yangu hakukuwa kitanda cha mutu mwenye hajulikani.

Sasa musinicheke. Mimi nilisema mu roho yangu: tukimuacha aombe yeye mwenyewe, atatafuta rafiki mu mangazini ya photocopie, atafanya karatasi na cachet ya uongo, na tutaimba haleluya. Nikachukua numéro yake, aliyokuwa ameandika ku kipande cha carton ya sigara, nikaenda kwa Monique.

Monique iko na bureautique ndogo karibu ya rond-point: ordinateur mbili, imprimante moja, na groupe ya umeme yenye inalia kama mbuzi. Alisoma Kampala, anajua Kiingereza.

«Monique, andikia bale batu ba mufuko. Sema Mama Jokébed wa Beni anataka kujua Ézéchias alikuwa wapi mu mwaka wa 2019.»

«Mama, hawatajibu hivyo.»

«Andika. Weka na "tafazali".»

Akaandika, anacheka mu pua. Siku ya tatu jibu likakuja. Monique akanisomea polepole: asante Mama, mais habari za mwanachama hatuzipe mutu mwengine, tunazipa mwanachama mwenyewe, ao mutu mwenye amepewa ruhusa na mwanachama kwa maandishi, na sahihi yake.

«Ulibaambia niko mama mukwe?»

«Nilibaambia.»

«Na bado?»

«Hata kama ungekuwa malaika Gabrieli, Mama. Ni sheria.»

Mimi nikatoka pale na roho nzito. Nikawaza: kumbe banamuficha. Ofisi inamuficha. Hiyo haikuniingia mu kichwa eti ofisi ingeficha na mambo yangu mimi vilevile kama mutu angekuja kuomba.

Jioni nikamuita Ézéchias. Niliona ni bora kusema wazi, juu Monique hana mudomo wa kufunga. Akaniangalia sana.

«Mama, ulinitafuta kule Uganda bila mimi?»

«Ndiyo. Na balikatala.»

Akacheka, mara ya kwanza tangu alirudi. Mais kicheko kilikatika mbio. «Basi tuombe sisi wawili. Mbele ya macho yako.»

«Ku ordinateur ya Monique.»

«Ku ordinateur ya Monique.»

«Na jibu lifike pale, na mimi niko.»

«Hata ukitaka kulala pale, Mama.»

Ni hivi tulienda. Na pale ndiyo mashaka yangu yalizaa batoto. Juu Monique alifungua ukurasa wa ule mufuko, akaingiza numéro, na ukurasa ukasema: tumetuma code ku telefone yako. Telefone gani? Ile yenye kuishia na 61.

«Ni ile ya zamani,» Ézéchias akasema. «Haiko tena.»

«Yenye ilibiwa,» nikasema.

«Ee.»

Alisema ile «ee» akiangalia mulango. Nikaweka hiyo pembeni mu kichwa changu.

Monique akasema haina shida, mutu mwenye amepoteza namba anaweza kuomba babadilishe. Mais inapashwa aandike barua na aitie sahihi yeye mwenyewe, aongeze copie ya passeport, photo, numéro yake ya mwanachama, na aseme patron wake nani na alianza mwaka gani. Ézéchias akatoa passeport yake mu mufuko wa koti. Nilimunyang'anya kwanza. Nikaangalia picha, nikaangalia uso, nikaangalia tena picha.

«Mama mukwe, ni mimi,» akasema.

«Mu picha uko mweupe.»

«Ni mwanga ya photographe.»

Barua ikaenda. Ikapita juma moja. Nikapita kwa Monique asubui, nikapita mangaribi. Ananiambia: «Mama, nitakuletea kiti chako.» Juma la pili, bakamupigia Ézéchias ku namba ya Congo, niko pale ninachambua maharagi. Mwanamuke, anaongea Kiingereza. Christa aliposikia sauti ya mwanamuke alisimama wima kama mutu amekanyaga moto. Ézéchias akaweka sauti inje ili tusikie bote. Yule mwanamuke alikuwa anauliza: ulizaliwa siku gani? Patron wako wa kwanza? Ulianza mwezi gani? Anajibu moja moja. Kisha bakasema karatasi itakuja ku adresse ya mail ya Monique, yenye aliandika mu ombi.

«Ni nani ule?» Christa akauliza.

«Mufanyakazi wa mufuko.»

«Iko na sauti muzuri.»

Christa akarudi mu jikoni. Na mimi, kusema kweli, niliwaza vilevile.

Kesho yake karatasi ikakuja. Mais ilikuwa imefungwa! Monique anabonyeza, inasema: weka neno la siri. Ézéchias akainama juu ya ma touches ya ordinateur, mabega yake yanafunika yote, akaandika.

«Unaandika nini?» nikauliza.

«Code, Mama. Yenye balinitumia ku telefone.»

«Na juu ya nini unaficha na mabega?»

«Juu mabega yangu ni makubwa, Mama!»

Monique akacheka mupaka akashika meza. Imprimante ikatoa karatasi sita. Mimi nilizipokea zikingali na moto, nikazitia mu Biblia yangu, katikati ya Isaya, nikafunga na kitambaa. Hakuna mutu alizigusa tena. Ézéchias mwenyewe hakuzisoma. Alisema tu: «Itaonyesha miaka, Mama. Ni hiyo tu.»

Siku ya posho, mwisho wa juma, tukaenda Butembo: mimi, Christa, Ézéchias. Taxi-voiture, batu saba mu kiti cha batu ine, na Ézéchias mbele na chauffeur juu Christa alikatala aketi kando yake. Muyisa, mudogo wa marehemu bwana yangu, anakaa Butembo juu ya mulima nyuma ya soko. Anauza mabati na misumari tangu batoto wake walikuwa wadogo. Ni yeye alipokea mbuzi za ndoa, ni yeye anapashwa kuamua. Mutu wa vitabu vya hesabu, anaweza kukuambia bei ya bati ya mwaka wa 1998.

Tulikula kwanza, lituma ya ndizi na maharagi. Kisha nikafungua kitambaa.

Muyisa akavaa miwani. Akasoma ukurasa wa kwanza, wa pili. Kichwa kinaenda juu na chini. «2015, muzuri. 2016, muzuri. Mwezi na mwezi, patron ni mumoja.» Ézéchias akapumua. Christa alikuwa anaangalia mikono yake.

Ku ukurasa wa ine, Muyisa akaacha kusoma. Akarudi nyuma, akafuata na kidole. Akatoa miwani, akaivaa tena.

«Ézéchias.»

«Baba.»

«Hapa iko mistari kumi. Zote ni ya tarehe 18, mwezi wa kenda, 2020. Tarehe moja! Mutu alifanya kazi ya miezi kumi mu siku moja?»

Ézéchias akakuja kuangalia. Rangi ikamutoka, nilimuona.

«Sijue, Baba…»

«Mimi ninajua,» Muyisa akasema, na sauti yake ilikuwa chini, hiyo ndiyo inanitishaka. «Mu daftari yangu, mufanyakazi akiandika mistari kumi siku moja, alikuwa analala nyumbani mu siku zingine, kisha alikuja kujaza kwa pamoja ili nisione. Hii miezi haukuwa ku kazi. Ulirudi, ukaomba rafiki ku bureau akujazie. Miezi kumi ileile ya kimya!»

«Baba, mimi siwezi kuandika mu mufuko. Hakuna mutu anaweza…»

«Na tena,» Muyisa akaendelea, «juu ya nini uliomba karatasi tupu, haukuomba makuta yako yenye iko mu mufuko? Mutu mwenye hana kitu cha kuficha anaomba makuta yake.»

«Makuta ni formulaire ingine. Mugeni mwenye amehama kabisa anaweza kuomba, mais banataka preuve ya kuhama, na compte ya banque, na mambo mengi. Mimi niliomba karatasi juu ya Christa aliomba karatasi.»

Christa akasimama. Hakulia. Alikunja kitambaa chake kama mutu anamaliza kazi. «Baba mudogo, tuongee mambo ya mbuzi.»

Nilipashwa kufurahi, juu nilisema tangu mwanzo. Mais mwili wangu haukufurahi. Niliangalia Ézéchias, na kile nilichoona ku uso wake hakikuwa uso wa mutu amekamatwa. Ilikuwa uso wa mutu mwenye haelewi.

«Muyisa,» nikasema, «kabla ya mbuzi. Wewe unajua misumari. Hii ni karatasi ya wenyewe. Hakuna mutu hapa karibu anajua hizi karatasi?»

Alikunja uso. «Unaamini bado?»

«Siamini mutu hata mumoja. Ni juu ya ile ninauliza.»

Mu parcelle ya Muyisa kulikuwa mupangaji, Kalala, mutoto wa Kasai, wa bureau ya sécurité sociale ya serikali, mufuko wa hapa Congo, balimutuma hapa miaka mitatu sasa. Muyisa akamuita na furaha, juu alikuwa na hakika atamupa sababu. Kalala akakuja na sandales na chemise ya kupumuzika, mudomo bado na muhindi.

«Bwana Kalala, tuambie hii karatasi ni ya uongo, tulale.»

«Ah, hivyo tu?» Akapangusa mikono ku suruali, akasoma kichwa cha karatasi, akaangalia safu za maandishi moja moja. Alichukua wakati. Kisha akauliza: «Nani alisema ni ya uongo?»

«Tarehe!» Muyisa akasema. «Mistari kumi, tarehe moja.»

«Tarehe gani, Papa? Hapa kuko tarehe mbili.» Akaweka kidole. «Hii safu ya kwanza ni mwezi wa kazi. Mwezi wa tano 2019, wa saba, wa nane. Hii ya mwisho, ni siku mufuko ulipokea makuta. Patron anapashwa kulipa kabla ya tarehe kumi na tano ya mwezi wenye unafuata. Huyu hakulipa. Alikata mushahara wa watu, akakaa na makuta. Kisha contrôle ya mufuko ikamufikia, akalipa yote mara moja, na amende ya kuchelewa juu yake. Papa, mimi ninaona hii kila juma! Hapa Butembo niko na patrons wenye wananificha nyuma ya mulango wa mangazini, bibi anasema "ameenda Goma".»

Muyisa akakohoa, akaangalia paa. Mimi nilijua kwa nini, mais ni ndugu, nikanyamaza.

«Donc alikuwa ku kazi?» Christa akauliza. Alikuwa bado amesimama.

«Mu ile miezi patron alimutaja mu liste ya wafanyakazi wake. Patron halipe amende juu ya mutu mwenye hakuwako, Mama. Ku hii mistari ingine, hii ni riba, banatiaka mara moja kwa mwaka. Karatasi ni safi.»

Ézéchias akafunika uso na mikono. Muyisa akatoa miwani, akazipangusa sana, akasema: «Basi… nilisoma safu ya mwisho. Mu daftari yangu kuko tarehe moja tu.»

Tungemaliza pale. Nilikuwa nimekwisha kufungua mudomo nimuombe Christa aketi. Mais Kalala ni mutu wa kazi yake, hakuweza kuacha.

«Kitu kimoja tu, Kaka,» akamuambia Ézéchias. «Unaweza kulalamika ku mufuko juu ya huu mwezi. Balisahau moja. Tano iko, saba iko. Wa sita 2019 haiko. Ulikuwa mugonjwa?»

Kalala alituangalia, hakujua alikanyaga nini. Mwezi wa sita wa 2019. Providence.

«Hakusahauliwa,» Christa akasema polepole. «Huo mwezi hakuwa ku kazi. Ulisema balikukatalia ruhusa. Ulikuwa wapi?»

Hapo ndiyo nilisikia mashaka yangu yote yanarudi mu mwili, na nguvu. Niliona ule mwanamuke, na nyumba yake, na kitanda. Nilimuangalia Ézéchias na nikasema mu roho: sasa utajibu mbio.

Hakujibu mbio. Alitoa mikono ku uso, akaiweka juu ya magoti, akaongea akiangalia sakafu.

«Sikuomba ruhusa. Ile siku ulinipigia, nilitoka usiku uleule. Patron alinitoa mu liste. Nilifika Kasindi asubui. Ku parking magari ilikuwa imesimama yote, batu ba bunduki balikuwa bamechoma camion ku njia, ile ya karibu ya… niliona mutu mwenye alitoka ndani. Chauffeur alisema tungojee escorte ya basoda. Kesho yake escorte ikaanza. Nilipanda. Christa, nilipanda, nilikuwa na kiti. Kisha nikashuka.»

«Ulishuka.»

«Miguu yangu ilishuka. Gari likaenda. Na lilifika Beni muzuri, bila kitu. Lilifika! Niliuliza. Nilibaki ku barrière mupaka mangaribi. Nilitaka kukupigia. Nikawaza nitasema nini? Eti mutoto wangu anangojea na mimi ninaogopa njia yenye weye unapita kila siku kwenda ku shamba? Nikatoa carte ya telefone, nikaitupa mu muto wa Lubiriha. Nikarudi. Patron alinipokea tena mu mwezi wa saba, juu nilikuwa ninajua machine.»

Kalala akasimama taratibu, akasema anasikia mutu anamuita, na hakuna mutu alikuwa anamuita. Akaenda.

«Hakukuwa mwanamuke?» nikauliza. Samahani, nilipashwa kuuliza.

«Hapana, Mama.»

«Hata baadaye?»

«Mama!»

«Sawa. Nimeuliza.»

Christa aliketi. Hapa ndiyo nilimuona analia, mais sivyo nilivyotazamia. Alikuwa na hasira, machozi inaanguka tu pekee yake.

«Miaka tano nilimujenga ule mwanamuke,» akasema. «Nilimupa nyumba, nilimupa nywele. Nilimupa hata jina, nilimuita Nadège. Kila usiku niko ninagombana na Nadège. Na weye uliniacha na yeye, unajua hakuwako! Kama ungeniambia uliogopa, ningekutukana, kisha ningelia na weye. Mimi pia ninaogopa ile njia. Unafikiri siogope?»

«Niliona haya.»

«Haya!» akasema. «Tulimuweka siku tatu, Ézéchias. Juu ulisema asizikwe bila weye.»



Muyisa akakohoa tena. Alikuwa amechukua karatasi, akazipanga sawasawa, akanirudishia mimi. «Basi binti, karatasi imeonyesha. Alikuwa ku kazi miezi yote isipokuwa moja, na huu moja ameueleza. Mimi mambo ya mbuzi nimeyafunga. Arudi nyumbani.»

«Karatasi imemaliza ya Nadège, Baba mudogo,» Christa akasema. «Ya mimi na yeye haijaisha.» Akapangusa uso na kitambaa. Akamugeukia Ézéchias. «Tangu ulirudi haujaniuliza kaburi liko wapi.»

«Niliogopa kuuliza.»

«Ninajua. Leo utalala Mulekera. Kesho kutwa, nikitoka ku shamba, utanikuta ku kanisa, nitakuonyesha. Si Mama, si pasteur. Mimi. Na kabla ya pale utanieleza Kasindi yote, siku zote mbili, hata kile ulikula. Usiruke kitu. Ukiruka nitajua.»

«Sitaruka.»

Tulirudi mangaribi, jua lingaliko. Chauffeur alitaka kumuweka Ézéchias mbele tena, na Ézéchias alikuwa amekwisha kushika mulango wa mbele. Christa akasema: «Weye, kuja hapa nyuma.» Alikaa ku dirisha, Ézéchias katikati, na mimi pembeni na Biblia ku magoti, mabega yake makubwa yamenibana ku mulango.

Tulikuwa bado hatujatoka Butembo. Christa alikuwa anaangalia inje, akasema bila kugeuka:

«Haya. Ulifika Kasindi saa ngapi?»

«Saa moja ya asubui, hivi. Kulikuwa baridi. Kulikuwa mama mumoja mwenye anauza chai…»

«Chai tupu ao na mukate?»

«Tupu. Sikuweza kula.»

«Endelea,» akasema.